iPad yenye kitufe cha juu kilichokufa: nimepiga picha za skrini kwa AssistiveTouch, lakini baadhi yake sizioni

#1 Mwalimu_wa_Pangani

Habari zenu wakuu. Nina iPad ya kizazi cha sita, ile ya mwaka 2018 yenye kitufe cha Home, nayo imefikia iPadOS 17. Mwezi uliopita ilianguka kutoka mezani ikatua kwa kona, na tangu hapo kitufe cha juu cha kuwashia hakifanyi kazi kabisa: ukikibonyeza hakina ile sauti ndogo ya kukubali, na hakuna kinachotokea. Kwa aina hii ya iPad picha ya skrini hupigwa kwa kubonyeza kitufe cha juu na Home kwa pamoja, kwa hiyo njia hiyo kwangu imefungwa.

Nafundisha hesabu kidato cha nne, na ninachora grafu katika GeoGebra kisha nazipiga picha ili niziingize kwenye karatasi za mazoezi. Mwenzangu wa ofisini alinionyesha AssistiveTouch, kile kiduara kinachoelea kwenye kioo. Nilikiwasha, nikaingia `Device`, kisha `More`, kisha `Screenshot`, na picha ikapigwa. Nilifurahi sana. Jana usiku nilipiga grafu 40 kwa njia hiyo. Leo asubuhi nilipozihesabu kwenye Photos nimekuta 27 tu.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna njia fupi kuliko kugusa mara nne kwa kila picha? Na zile 13 zimekwenda wapi?

#2 BabaNeema

Pole Mwalimu. Jibu la swali la pili ni rahisi: nafasi imejaa. Hizo iPad za 2018 nyingi ni za GB 32, na ikijaa mfumo unaacha kuhifadhi. Futa video za WhatsApp, utaona mambo yanakaa sawa.

Kuhusu kiduara, fahamu kwamba kinafanya kazi kwa kuunganisha sakiti ileile ya kitufe kwa ndani, kwa hiyo kitufe kikikatika moja kwa moja nacho kitaacha kufanya kazi. Wahi kwa fundi kabla hujafika huko. Vilevile shukuru una mfumo mpya, kwa sababu AssistiveTouch ilikuja na iPadOS 13.

#3 Fundi_Mwembeni

Mzee wangu BabaNeema, nakuheshimu, ila hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha, maana mtu anaweza kupoteza fedha kwa kuyaamini.

Kwanza, AssistiveTouch haigusi sakiti ya kitufe hata kidogo. Kitufe halisi ni swichi ndogo iliyokaa kwenye utepe mwembamba wa waya, ule tunaouita fleksi. Ukikibonyeza, swichi inapeleka ishara kwenye ubao mkuu, na mfumo unaisoma ishara hiyo ndipo uamue la kufanya. Kiduara kinaanzia hatua ya mwisho: kinauambia mfumo moja kwa moja upige picha, upunguze sauti au ufunge kioo. Fleksi inaweza kuwa imekatika vipande viwili na kiduara kikaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Pili, AssistiveTouch ilikuja na iOS 5 mwaka 2011. Kilichobadilika mwaka 2019, mfumo wa iPad ulipopewa jina lake na kuanzia namba 13, ni mahali inapopatikana. Zamani ilikuwa ndani ya `General`, sasa `Accessibility` imetoka nje na kuwa na sehemu yake kwenye orodha kuu ya Settings.

Sasa swali lako la kwanza, Mwalimu. Nenda hapa:

```
Settings > Accessibility > Touch > AssistiveTouch
```

Chini yake utaona sehemu iliyoandikwa `Custom Actions`, yenye mistari ya `Single-Tap`, `Double-Tap` na `Long Press`. Gusa `Double-Tap`, kisha uchague `Screenshot`. Kuanzia hapo ukigusa kiduara mara mbili haraka, picha inapigwa pale pale bila menyu kufunguka, na ukikigusa mara moja menyu inafunguka kama zamani. Usiweke `Screenshot` kwenye `Single-Tap` kabla hujaipa `Open Menu` mguso mwingine, kwa sababu utakosa njia ya kufungua menyu, na wewe unaihitaji menyu hiyo kwa ajili ya kufunga kioo na kuwasha upya.

#4 Nyota_ya_Kahama

Mimi ni mwalimu pia, na kishikwambi changu ni kama vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Kitufe cha kupunguza sauti kimelegea. Nimefuata maelekezo ya Fundi hatua kwa hatua lakini kwenye Settings yangu sioni neno `Touch` wala `AssistiveTouch`. Je, nimeondolewa ruhusa?

#5 Fundi_Mwembeni

Dada Nyota, hujaondolewa ruhusa yoyote. Chako ni Android, na uzi huu unahusu iPad, lakini nitakujibu kwa ufupi kwa kuwa shida ni ya ukoo mmoja. Nenda Settings, kisha `Accessibility`, utafute `Accessibility Menu` na uwashe njia yake ya mkato. Kitatokea kitufe kidogo pembeni au chini ya kioo, na ukikigusa unapata menyu yenye alama kubwa, mojawapo ikiwa ya picha ya skrini. Inahitaji Android 9 au zaidi, kwa sababu toleo hilo la mwaka 2018 ndilo la kwanza kuruhusu huduma za aina hiyo ziuagize mfumo upige picha. Kama chako kimeandikwa Android 8 au chini, menyu hiyo huna. Na kama ni Samsung, tafuta `Assistant menu` humo humo ndani ya `Accessibility`.

#6 Nyota_ya_Kahama

Ni Android 10 na nimeiona. Imefanya kazi. Asante sana kaka.

#7 Mjukuu_wa_Lamu

Nitaongeza jambo kuhusu huo mguso wa mara mbili, kwa kuwa nimeutumia miaka miwili na mwanzoni ulinichanganya. Ukishaweka `Double-Tap`, mguso mmoja unaanza kuwa mzito: unagusa kiduara, kinasita kidogo, ndipo menyu inafunguka. Nilidhani iPad imechoka. Kumbe mfumo unalazimika kusubiri uone kama utagusa mara ya pili, na hauwezi kufungua menyu kabla ya kuwa na hakika. Muda huo wa kusubiri unarekebishwa palepale kwa `Double-Tap Timeout`. Ukiufupisha sana, vidole vya taratibu havitawahi, na badala ya picha utapata menyu imefunguka juu ya kazi yako. Mimi niliujaribu mara kadhaa mpaka nikapata kiwango kinachofuata kasi ya kidole changu.

Kwa wale wenye hofu, kiduara chenyewe hakitokei kwenye picha. Mfumo unakiondoa kabla ya kupiga. Kwa hiyo Mwalimu hana haja ya kukisogeza pembeni ya grafu kila mara, isipokuwa kama kinamzuia kuona anachochora. Hata hapo anaweza kupunguza `Idle Opacity` ili kififie kikiwa hakitumiki.

#8 Msafiri_Maskati

Kwa nini mnajisumbua na kiduara? Gonga mgongo wa kifaa mara mbili, picha inapigwa. Ipo `Accessibility`, `Touch`, `Back Tap`. Mimi naitumia kila siku hapa kazini.

#9 Mjukuu_wa_Lamu

Ndugu Msafiri, bila shaka unaitumia kwenye simu. `Back Tap` ipo kwenye iPhone 8 na kuendelea, na kwenye iPad haipo. Mwalimu akiigonga iPad yake mgongoni mpaka Idd, hatapata picha.

Ila kuna njia nyingine inayomfaa kwa mfumo alio nao. Tangu iPadOS 15 unaweza kuburuta kidole kutoka kona ya chini kushoto kuelekea katikati ya kioo na picha ikapigwa. Kona ya kulia inafungua karatasi ya kuandikia. Kona hizo zinabadilishwa kwenye `Multitasking & Gestures` ndani ya Settings. Na mwenye kibodi ya Bluetooth anabonyeza `Command + Shift + 3`.

#10 Mwalimu_wa_Pangani

Nawashukuru nyote. Mguso wa mara mbili umekubali, nao umenipunguzia kazi kubwa. Kona nimeijaribu, lakini kwenye GeoGebra nikianzia kona vibaya naisogeza grafu nzima, kwa hiyo nitabaki na kiduara.

BabaNeema, nimeangalia nafasi kama ulivyoniambia. Ni kweli ni ya GB 32, lakini zimebaki GB 6 na zaidi. Picha za grafu ni nyepesi sana, kwa hiyo sidhani kama hiyo ndiyo sababu. Zile 13 bado sijaziona.

#11 BabaNeema

Nakubali marekebisho ya Fundi kuhusu sakiti na kuhusu mwaka. Kuhusu nafasi, nilikuwa nikikisia kutokana na iPad ya binti yangu, ambayo ilikuwa imejaa kweli na ikawa inatoa onyo. Mwalimu, wewe uliona onyo lolote?

#12 Mwalimu_wa_Pangani

Hapana, sikuona onyo. Kila mara picha ilipopigwa kioo kilimetameta, kisha kijipicha kidogo kikajitokeza chini kushoto. Kwa hiyo nina hakika zote 40 zilipigwa.

#13 Daktari_wa_Tableti

Mwalimu, je, iPad ni yako binafsi au imetolewa na mradi au shule? Nauliza kwa sababu niliwahi kuhudumia iPad za mradi mmoja ambazo zilikuwa zimewekewa wasifu wa usimamizi. Msimamizi anaweza kuzuia picha za skrini kabisa, na akizuia, hata kiduara hakisaidii, kwa kuwa amri ya kiduara nayo inapita kwenye mfumo uleule uliozuiwa. Angalia `Settings > General > VPN & Device Management`. Ukikuta wasifu humo, hapo ndipo kwenye tatizo.

#14 Mjukuu_wa_Lamu

Hilo la wasifu ni kweli kwa jumla, Daktari, lakini halifanani na maelezo ya Mwalimu. Picha zikizuiwa zinazuiwa zote. Haiwezekani upate 27 na ukose 13 usiku mmoja, ndani ya programu ileile.

#15 Mwalimu_wa_Pangani

Ni yangu binafsi, niliinunua kwa mtu. Nimeangalia mahali hapo na hakuna wasifu wowote.

#16 Fundi_Mwembeni

Nadhani najua zilipo, walau nyingi kati yake. Mwalimu, kijipicha kile kilipojitokeza chini kushoto, ulikifanya nini? Ulikiacha kiondoke chenyewe, au ulikigusa?

#17 Mwalimu_wa_Pangani

Mara nyingine nilikiacha. Mara nyingine nilikigusa ili nikate kingo, kwa sababu sikutaka vitufe vya GeoGebra vionekane kwenye karatasi ya wanafunzi. Nikimaliza kukata nilibonyeza `Done`, kisha nikachagua kimoja kati ya vile vinavyojitokeza. Usiku ulikuwa umekwenda na sikumbuki nilichagua nini kila mara.

#18 Fundi_Mwembeni

Basi tumefika. Ukikiacha kijipicha kiondoke chenyewe, au ukikisukuma kushoto, picha inaingia Photos moja kwa moja. Ukikigusa, picha inabaki mkononi mwako mpaka uamue. Ukibonyeza `Done` katika iPadOS 17 unapewa njia kadhaa: `Save to Photos`, ambayo ndiyo ulidhani unaifuata, `Save to Files`, inayoipeleka kwenye folda za programu ya Files, kwa hiyo Photos huitaiona, `Copy and Delete`, inayonakili picha ili uibandike mahali pengine, kisha inaitupa, na ile ya kufuta moja kwa moja. Usiku, macho yakiwa mazito, `Save to Photos` na `Save to Files` ni rahisi kuzichanganya.

Naomba ufanye jaribio dogo kabla ya kutafuta. Piga picha tano na usiguse kijipicha hata mara moja. Kisha piga tano nyingine, kila moja ikiguswa na kukatwa, na kila mara uchague `Save to Photos` kwa makusudi. Fungua Photos, nenda kwenye albamu ya `Screenshots`, uhesabu. Zikitimia 10, basi kiduara na hifadhi ni vizima, na kilichobaki ni kutafuta za jana.

#19 Msafiri_Maskati

Na tarehe je? iPad yangu ya zamani ikiisha chaji kabisa mahali pasipo na mtandao, ilikuwa ikiwaka na tarehe ya nyuma, na picha mpya zinakwenda kukaa katikati ya picha za miaka iliyopita. Mtu anaangalia mwisho wa orodha anasema hazipo, kumbe zipo juu huko. Kitufe cha kuwashia kikiwa kimekufa, bila shaka chaji huwa inaisha mara kwa mara kwa sababu hawezi kufunga kioo.

#20 Mjukuu_wa_Lamu

Safari hii Msafiri amegusa kitu cha maana. Ila kama tarehe ingekuwa imerudi nyuma, zingepotea zote za usiku ule, si 13 tu, labda tarehe iwe imejirekebisha katikati ya kazi iPad ilipopata mtandao. Na albamu ya `Screenshots` ingezionyesha zote kwa pamoja, kwa hiyo njia ya kuhesabu aliyoitoa Fundi inajibu hilo pia.

Kuhusu kufunga kioo, menyu ya kiduara inalo hilo: `Device`, kisha `Lock Screen`. Na kuzima kabisa kunafanyika bila kitufe: `Settings > General > Shut Down`. Kuiwasha tena, ichomeke kwenye chaja, itawaka yenyewe.

#21 Shangazi_wa_Tanga

Naomba kuingilia na shida iliyo kinyume cha hii. iPad yangu, nayo ya kitufe cha Home, inapiga picha za skrini bila kuombwa. Nabonyeza Home ili nirudi mwanzo, naona kioo kinametameta, picha imepigwa. Nimekuta picha zaidi ya 200 za skrini yangu ya mwanzo. Je, kiduara ndicho kinachofanya hivyo? Niliwasha hivi karibuni.

#22 Daktari_wa_Tableti

Shangazi, inawezekana kiduara chako kimepewa `Screenshot` kwenye mguso mmoja na unakigusa bila kujua, hasa kama kimekaa chini karibu na Home. Kiburute ukipeleke juu kabisa ya kioo, uone kama picha zitakoma.

#23 Fundi_Mwembeni

Mimi naona tofauti. Kitufe cha juu cha Shangazi huenda kimekwama nusu, hakijakufa. Haya ni magonjwa mawili tofauti. Kitufe kilichokufa hakipeleki ishara kamwe, na kiduara kinakitosha kwa sehemu kubwa. Kitufe kilichokwama kinapeleka ishara wakati hujakigusa, na kiduara hakiwezi kuizuia ishara hiyo, kwa sababu kinaongeza njia nyingine tu na hakifungi ya zamani. Kama kitufe cha juu kinajibonyeza chenyewe kwa kutetemeka, kila akibonyeza Home mfumo unaona vitufe viwili kwa pamoja na unapiga picha.

#24 Daktari_wa_Tableti

Fundi, hapo nina shaka. Kitufe cha juu kikishikiliwa sekunde chache kinaleta mstari wa kutelezesha ili kuzima. Kama kimekwama kweli, Shangazi angekuwa anauona mstari huo kila wakati, naye hajautaja. Na akiibonyeza Home kwa muda mrefu wakati kingine kimekwama, iPad ingejizima na kuwaka upya kwa nguvu.

#25 Fundi_Mwembeni

Ndiyo maana nimesema nusu. Uchafu, unyevu au kava linalobana linaweza kukifanya kigusane na kuachia, kugusana na kuachia, bila kukaa sekunde za kutosha kuleta mstari huo. Shangazi, vua kava kabisa, tumia iPad siku moja bila kava, kisha uzime AssistiveTouch siku ya pili. Usifanye yote kwa pamoja, kwa sababu hutajua ni lipi lililoponya.

#26 Shangazi_wa_Tanga

Kava nimelivua. Kwa saa tatu imepiga picha mara moja tu, wakati jana ilikuwa kila baada ya dakika chache. Kiduara bado nimekiacha. Sijui kama mara hiyo moja nilikigusa kwa bahati mbaya au la. Mstari wa kuzima niliwahi kuuona mara mbili wiki iliyopita, nikadhani ni mjukuu wangu aliyebonyeza.

#27 BabaNeema

Shangazi, shikamoo. Huo mstari ulioonekana mara mbili unampa Fundi nguvu. Lakini na Daktari bado hajashindwa, kwa sababu hata wajukuu hubonyeza.

#28 Mwalimu_wa_Pangani

Nimefanya jaribio la Fundi. Picha tano bila kugusa kijipicha: zote zipo. Picha tano kwa kukata na `Save to Photos`: zote zipo. Jumla 10 kati ya 10, na tarehe ya iPad ni sahihi.

Kisha nikafungua programu ya Files, ambayo kwa kweli sikuwahi kuifungua tangu niinunue. Nimezikuta picha 8 humo, zimekatwa vizuri kama nilivyotaka. Baada ya hapo nikaingia Photos, albamu ya `Recently Deleted`, nikakuta 3. Kwa hiyo 27 na 8 na 3 ni 38. Zimebaki mbili.

#29 Mjukuu_wa_Lamu

Hongera Mwalimu. Zile 3 zirudishe leo, kwa sababu albamu hiyo inashika vitu siku 30 tu. Hizo mbili za mwisho nadhani ulizichagulia `Copy and Delete`. Picha ya namna hiyo haikuwahi kuingia Photos, kwa hiyo haina mahali pa kufutwa kutoka. Ilikaa kwenye ubao wa kunakili, na ulipokata au kunakili kitu kingine, ikafunikwa.

#30 Fundi_Mwembeni

Naelekea kukubali, lakini sina hakika ya asilimia mia. Kama kufuta kwenye kijipicha hakupitii `Recently Deleted`, basi hizo 3 alizozikuta humo zilifika vipi? Labda alizifuta baadaye ndani ya Photos kwa kudhani zimejirudia. Mwalimu, unakumbuka?

#31 Mwalimu_wa_Pangani

Ni kweli kwamba kabla ya kulala nilifuta chache nilizoona zimefanana. Sikuhesabu ngapi. Inaweza kuwa ndizo hizo 3, na inaweza kuwa hata hizo mbili zilizobaki nilizihesabu mara mbili tangu mwanzo, kwa sababu hesabu ya 40 niliifanya kwa kuangalia orodha ya maswali na si kwa kuhesabu picha zenyewe.

#32 Msafiri_Maskati

Nina swali kabla mada haijafungwa. Juzi nilijaribu kupiga picha ya filamu niliyolipia kuiangalia kwenye iPad, nikitumia kiduara hikihiki. Picha imetoka nyeusi tupu, ila maandishi ya tafsiri ya chini yapo. Je, nayo ni shida ya kitufe?

#33 Mjukuu_wa_Lamu

Hiyo si shida ya kitufe wala ya kiduara. Video zenye ulinzi wa hakimiliki zinafichwa na mfumo wakati wa kupiga picha, kwa njia yoyote utakayotumia. Upande wa Android kuna jambo la jirani: programu za benki zinaweza kuuambia mfumo ukatae picha kabisa, na Dada Nyota akijaribu kwenye programu ya benki yake huenda akaambiwa hairuhusiwi. Hilo halitoki kwenye menyu yake.

#34 Nyota_ya_Kahama

Nimethibitisha sasa hivi. Kwenye ujumbe wa kawaida inapiga, kwenye programu ya benki inakataa na kuonyesha onyo. Nilikuwa karibu kuamini kwamba menyu imeharibika.

#35 Fundi_Mwembeni

Mwalimu, neno langu la mwisho kwako kwa leo. Kiduara kitakutosha kwa picha, sauti, kufunga kioo na kuwasha upya kwa kawaida, kwa kupitia `Device > More > Restart`. Kuna jambo moja hakitakusaidia. iPad ikiganda kabisa, kiduara nacho kinaganda, kwa sababu kinaishi ndani ya mfumo uleule. Kwa aina yako dawa ya hapo ni kushikilia kitufe cha juu na Home kwa pamoja, na wewe cha juu huna. Utalazimika kuiacha mpaka chaji iishe, kisha uichomeke kwenye chaja. Kama una kazi ya mitihani ndani yake, usisubiri siku hiyo ifike, tengeneza fleksi wakati wa likizo. Na umuulize fundi wako kwanza kama amewahi kufungua iPad ya aina hii, kwa sababu kioo chake kimebandikwa kwa gundi pembeni zote na kinapashwa moto ndipo kitoke. Asiyezoea anakivunja.

#36 Mwalimu_wa_Pangani

Nimekuelewa Fundi. Fundi niliyempelekea mwanzo aliniambia atakifungua kwa bisibisi, ndiyo maana niliondoka nayo. Nitasubiri likizo ya Juni.

Leo usiku nazipiga upya zile grafu mbili ambazo sijui kama zilikuwapo. Safari hii sigusi kijipicha. Nitaziacha ziingie Photos zenyewe, na kukata kingo nitafanya baadaye nikiwa ndani ya Photos.

#37 Shangazi_wa_Tanga

Nimezima kiduara tangu mchana, kava bado limevuliwa. Picha imejipiga tena sasa hivi, mara mbili mfululizo, na iPad ilikuwa imelala mezani, sijaigusa hata Home. Fundi na Daktari, nyote wawili naomba mniambie hii ni nini.